Ubao Uliouza kwa Hasara

Bibi Takwimu, kama walivyomwita kwenye ofisi ya wakala wa safari, hakuwa na mchezo na jedwali lake. Kila asubuhi dereva alimtumia picha ya ubao wa taa wa duka la kubadilishia fedha, naye aliingiza humo jina la sarafu, bei ya kununua na bei ya kuuza. Leo yuro ilimkodolea macho: kununua 146, kuuza 145.

“Wauze chini ya bei wanayonunulia? Wamerogwa?”

Akaikuza picha. Kwenye ile 5 palikuwa na kijitaa kimoja kilichozimika. Huenda ilikuwa 9. Hakubahatisha. Akaacha kisanduku kitupu, akampigia simu keshia wa duka, akamwambia ubao unaonyesha wanauza yuro kwa 145.

“Ni 149,” keshia akajibu, kisha akashusha pumzi. “Kumbe ndiyo maana foleni ya wanaonunua yuro imefika barabarani!”