Krimu ya Ng'ombe

Kipngeno, mfugaji wa Kiminini, alisimama suruali ikiwa magotini mbele ya Ciru, daktari msichana wa rika la bintiye, macho ameyakaza ukutani. Mikunjo ya mapaja ilikuwa nyekundu na kuchubuka. Kichwa cha uume kilikuwa na utando mweupe.

"Umepaka nini, mzee?" Ciru aliuliza.

Kipngeno alimweleza yote. Kwenye duka la dawa za mifugo alikuwa amedanganya kwamba chuchu za ng'ombe wake zimepasuka, akauziwa krimu. Mwezi mzima alijipaka mafuta ya kiwele.

Ciru hakucheka. Alimdunga kidole akapima sukari: kumi na tisa, juu mno.

"Tembe za sukari unameza?"

"Niliacha Krismasi. Nilisikia niko sawa."

"Hii ni fangasi. Sukari ikipanda hutoka na mkojo, fangasi ikanawiri hapo. Paka krimu ya kuua fangasi, klotrimazoli, mara mbili kwa siku, wiki mbili, ukishaosha na kujikausha. Ile iliyochanganywa na steroidi usinunue; inatuliza mwasho huku fangasi ikienea. Na usiporudia tembe, hata hii haitasaidia kwa muda mrefu."

"Kwa hivyo si mtu ameniletea ugonjwa wa zinaa?"

"Hapana, mzee. Ni sukari yako."

Kipngeno alifunga mkanda polepole. Wiki tatu zilizopita alikuwa amemwita mkewe, Chepkosgei, malaya mbele ya watoto, naye akaenda kwa kaka yake huko Bungoma.

Nje, aliitoa simu, akalitafuta jina la mkewe. Kuvua suruali kulikuwa rahisi kuliko kumwomba radhi.