Noti Moja Kabla ya Nyumbani

Nilitoka Mbinga kwenda kufundisha kwaya ya kigango kimoja upande wa Lundo, kando ya ziwa, nikiwa na kinanda cha betri, nota zangu, na kiburi. Kiburi ndicho kilichokuwa kizito kuliko vyote. Nilikuwa nimetunga wimbo wa Kwaresima kuhusu mwana mpotevu, na parokia ilikuwa imeziita kwaya zote za vigango kuimba siku moja. Nilitaka watu walie.

Wimbo ulikuwa wa maina, ile ngazi ya sauti za huzuni, nyumbani kwake ni la. Mwishoni mwimbaji mmoja anabaki peke yake na maneno "nirudi nyumbani": anashuka fa hadi mi, kisha "nyu" ni mi, "mba" ni se, "ni" ni la. Se ni so iliyopandishwa nusu hatua. Ukiimba so ya kawaida, bado kuna hatua nzima kufika la, na sauti haina haraka. Ukiipandisha, inabaki nusu hatua tu, na sikio linaililia la. Niliwaambia wanakwaya: hii noti haikai, ukiifikia lazima uende nyumbani.

Mwanzishaji wao, anayetoa sauti ya kwanza wengine wafuate, alikuwa mama mmoja muuza usipa, vile vidagaa vya ziwani, mjane, umri wa mama yangu. Alikuwa ameongoza kwaya ile tangu kanisa likiwa la nyasi. Ana sauti ya kupasua ziwa, lakini kila akifika pale anaimba so. Mimi nikibonyeza se kwenye kinanda, mbili hizo zinagombana hadi watoto mlangoni wanakunja uso.

"Mwalimu," alisema, "nyimbo zetu za msiba zinapita hapo hapo ninapopita mimi."

"Hatuko msibani, mama."

Nikamsimamisha mbele, peke yake. Mi, se. Mi, se. Akaimba mi, so. Nikamrudisha mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, wenzake wakiwa wamekaa kwenye mabenchi wanamtazama. Hatimaye nikasema masikio yake yameoza kama usipa wa juzi. Kwaya nzima ikacheka. Nami nikacheka, tena nikarudia, maana nilipenda walivyocheka.

Yeye hakucheka, wala hakuacha kuja. Baadaye nikasikia kwamba anapoanika usipa kwenye chanja anaimba mi, se, mi, se, mpaka majirani wamechoka. Wiki ya mwisho kabla ya kwenda parokiani alisimama akaiimba se safi kabisa, juu kabisa ya nusu hatua ile, akatua la. Nywele zilinisimama. Sikumsifu. Nilisema, "Tuendelee."

Kulikuwa na jambo moja nililoliona siku ya kwanza nikalidharau. Kwaya ile haikutazama mkono wa mwimbishaji. Walitazama mdomo wa mama. Akitua, wanaingia. Kwenye wimbo wangu sauti zote nne zilikuwa ziingie kwenye la yake, na nikaacha hivyo hivyo kwa sababu ilinirahisishia kazi.

Asubuhi ya siku yenyewe, tukiwa tunavaa majoho nyuma ya kanisa la parokia, nilimwambia mbele ya wote, nikimwonyesha msichana mmoja wa kwaya, "Mama, leo unaaga. Kuanzia Dominika ijayo ataanzisha binti huyu, ana sikio." Binti akainamisha kichwa. Mama akafunga kitambaa chake vizuri, akasema, "Haya, mwalimu." Nilidhani ni unyenyekevu.

Kanisa lilijaa. Tuliimba vizuri kuliko siku zote. Ukafika mwisho, kinanda nikakinyamazisha, mama akabaki peke yake. Fa, mi. "Nirudi nyu..." Halafu "mba", kwenye se, imenyooka, anaishikilia. Watu kwenye mabenchi wakaegemea mbele. Nikainua mkono.

Akafunga mdomo.

Nikashusha mkono kwa nguvu. Hakuna aliyeingia. Watu arobaini midomo wazi, wanamtazama yeye, naye ananitazama mimi, kwa utulivu kabisa. Kisha akashuka jukwaani, akaenda kukaa kwa kina mama wengine. Kanisa zima lilibaki limening'inia pale. Mtoto mmoja mbele akaimalizia la kwa sauti ndogo, na watu wakaangua kicheko. Walinicheka mimi, mpaka padri akasimama.

Binti hakuanzisha hata Dominika moja. Kwaya haikumfuata, na mimi sikumaliza mwaka.

Siku hizi hukutana na mama sokoni Mbinga akileta usipa. Namwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu." Ananifungia mzigo wangu, ananipa nyongeza, na nikigeuka anaguna puani: mi, se. Anaishia hapo.

Sijawahi kufika kwangu bila kuiimba la ile mwenyewe njiani, na kila mara naona aibu upya.