Ng'ombe wa Bunda na Faili la Butiama

Nikiwasha mimi, ng'ombe hawapo. Akiwasha yeye, ng'ombe wapo wote, na chanjo zao, na majina ya wenyewe. Kompyuta ni ileile moja, programu ni ileile, na mimi ndiye niliyeiandika. Nilifika mahali nikawa naogopa hata kupokea simu kutoka Bunda.

Chama cha wafugaji kule Bunda kilikuwa na mama mmoja mhudumu wa mifugo, mtu wa miaka mingi kazini, ambaye asubuhi yuko joshoni anachanja, na mchana yuko ofisini anaingiza kwenye kompyuta ng'ombe aliowachanja. Mimi niko Musoma, kwenye chumba tulichopanga Kigera na mwenzangu mmoja, na kwenye mlango tumejiandikia kwamba tunatengeneza mifumo. Kila mwisho wa wiki nilikuwa naingia kwenye kompyuta ya chama kwa mtandao, naweka toleo jipya la programu, naiwasha, natoa ripoti na kumtumia mwenyekiti. Ripoti ikawa inatoka tupu. Mwenyekiti akampigia mama kumwuliza anafanyaga nini siku nzima. Mama akasema ameingiza wote. Mwenyekiti akanipigia mimi, nikaangalia tena: hakuna hata ndama.

Wafugaji wakaanza kulalamika kwamba wanakosa vyeti vya chanjo na mnadani wanarudishwa. Hapo mwenyekiti akatoa neno. Kamati inakaa Ijumaa. Rejista ikiwa bado tupu, mkataba wa mama unaishia hapo. Aliniambia mimi kabla hajamwambia mwenyewe, jambo ambalo lilinikera sana, maana mimi si kamati.

Sasa ngoja nieleze kilichokuwa kinanichanganya. Programu niliiandika kwa Spring, mfumo wa kujengea programu za Java. Huko mipangilio ya hifadhidata unaiweka kwenye mafaili: application-dev.properties inaelekeza kwenye hifadhidata ya majaribio, ile tunayojaza ng'ombe wa uongo, application-prod.properties inaelekeza kwenye hifadhidata ya kazi. Yote mawili yamefungwa ndani ya programu yenyewe. Ukiwasha unaitajia profaili unayoitaka, dev au prod, nayo inachukua faili lake. Nilishaangalia maelezo yanayotoka programu inapowaka. Nikiwasha mimi yanasema profaili inayotumika ni prod. Nikamwomba mama apige picha skrini yake akiwasha yeye, akanitumia, ikasema prod vilevile. Nikaikuza ile picha mpaka herufi zikapasuka. Prod.

Mwenzangu akacheka, akasema labda mama ana mkono mzuri na mimi nina mkono mbaya, niende nikaoshwe. Siku nyingine ningecheka naye. Siku hiyo nilimwambia anyamaze na anipishe kwenye meza, maana kichwa kilikuwa kimejaa.

Ijumaa asubuhi nikapanda gari nikaenda Bunda mwenyewe. Mama nilimkuta ofisini, buti za joshoni ziko mlangoni, amevaa kitenge kizuri kwa ajili ya kikao. Hakunilaumu. Alinipa kiti, akaniuliza wa nyumbani, kisha akasema, "Mwanangu, mimi naandikaga kila siku. Nikifungua nawaona. Sasa nyie mnaangaliaga wapi?"

Nikamwambia aiwashe kama anavyoiwashaga siku zote, mimi nitazame tu. Akafungua folda ya programu, akabonyeza mara mbili kifaili cha kuwashia tulichomwekea humo. Dirisha jeusi likafunguka, maelezo yakateremka, profaili ikasema prod. Akaingia, na kweli, ng'ombe wakajaa skrini nzima. Katikati yao nikaona majina ya wafugaji nisiowategemea hapo. Nikamwuliza hawa ni akina nani. Akasema ni wa Butiama, aliwakuta humo tangu mwanzo, akajua labda vyama vimeunganishwa.

Wale wafugaji wa Butiama tuliwatunga sisi, mimi na mwenzangu, tulipokwenda kuonyesha mfumo kule kabla Bunda hawajaanza kuutumia. Nikarudi kwenye folda, safari hii nikaiangalia kwa macho. Kando ya programu kulikuwa na faili dogo, application.properties, halina dev wala prod kwenye jina. Ndani yake kuna anwani ya hifadhidata ya majaribio. Nikampigia mwenzangu. Akakumbuka: kompyuta tuliyokwenda nayo Butiama ni hiyohiyo ya chama, kabla hatujawakabidhi, na badala ya kuijenga programu upya kwa ajili ya maonyesho, aliliweka faili lile pembeni. Ndiyo desturi yetu, tunabandika kitu pembeni, tunasema tutakiondoa tukirudi.

Spring inafanya hivi: faili la mipangilio lililo nje ya programu, kwenye folda unayowashia, lina nguvu kuliko lililofungwa ndani, hata kama la ndani ni la prod. Profaili inabaki prod, haidanganyi, lakini anwani ya hifadhidata inatoka nje. Na inaangalia folda uliyosimama unapowasha, si mahali programu ilipokaa. Mama alikuwa anawashia ndani ya folda, kwa hiyo faili la Butiama lilisomwa. Mimi kwa mtandao nilikuwa nawashia mahali pengine, naitaja programu kwa njia yake ndefu, kwa hiyo faili halikuonekana na prod yangu ikawa prod kwelikweli, tupu kama ilivyozaliwa.

Nikamweleza mama kadiri nilivyoweza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kazi yake imepotea. Nikasema haijapotea, ipo, ila iko kwenye hifadhidata ya majaribio. Nikaliondoa lile faili, nikawahamisha ng'ombe wake kwenda kwenye ya kazi, wale wa kutunga nikawaacha, nikamwambia awashe tena kwa njia yake. Wakatokea wake tu. Nilifurahi mpaka nikapiga meza. Yeye hakupiga kitu.

Kamati ilipokaa mlemle ofisini niliwaonyesha kila kitu, na nikasema wazi kwamba tatizo lilitoka kwetu, si kwa mama. Wajumbe wakaguna, mmoja akauliza vyeti vitatoka lini, nikasema hata leo. Mwenyekiti akaonekana kapumua. Akasema vizuri, basi mambo yamekwisha, mama aendelee na kazi.

Mama akasimama. Nilidhani anashukuru.

"Mzee, umenijua tangu sijaolewa," akasema. "Ng'ombe wako mwenyewe nimewachanja, umesimama pale unaniona. Hii kompyuta umeijua juzi. Ilipokwambia sijafanya kazi, ukaiamini yenyewe."

Mama akatoa funguo za ofisi kwenye pochi, akaziweka mezani mbele yake, akavaa buti zake pale mlangoni akiwa na kilekile kitenge kizuri, akatoka. Hakuna aliyemwita. Mimi nilibaki nimesimama, sijui nimkimbilie au nikae, na hata leo sijui ningemwambia nini kama ningemfikia.

Mwenyekiti akanigeukia. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, Jumatatu ng'ombe wataingizwa na nani. Nikamwambia kompyuta sasa iko sawa.