Waridi, Waridi, Waridi

Pale kiwandani walimwita Halo, kwa sababu ndiye aliyepokea simu zote, na kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kulitamka neno hilo kwa utamu kama yeye. Kiwanda kilitengeneza rangi za nyumba, na Halo alikuwa haoni tangu utotoni. "Humu ndani mimi peke yangu ndiye nisiyebagua rangi," aliwaambia wageni, nao wakacheka nusu nusu, wasijue kama wanaruhusiwa.

Sikio lake la kulia lilikuwa la kiwanda. La kushoto lilikuwa la simu yake ya mkononi, yenye programu ya kumsomea kila kilichoandikwa kwenye kioo. Anapitisha kidole, na sauti ya mwanamke asiyechoka wala kucheka inasoma. Bosi alikataza simu za nyumbani saa za kazi, hivyo ya mkononi ilizuiwa isipokee wapigaji, ila ujumbe aliufumbia macho. Kwa njia hiyo Halo alifuatilia hali ya mama yake, aliyekuwa amelazwa mbali huku dada yake mkubwa akimuuguza.

Kilichomkera ni emoji. Mwenye macho huitupia jicho mioyo kumi na tano, basi, imepita. Halo alisomewa mmoja mmoja: moyo mwekundu, moyo mwekundu, moyo mwekundu. Mikono ya kuomba ilitajwa mpaka rangi ya ngozi yake. Maneno yenyewe yalikaa nyuma yakisubiri zamu, na mteja naye anafoka sikio la pili. Ukikosa subira, unasogeza kidole kwenda kwenye ujumbe unaofuata, na yaliyobaki nyuma hayasomwi.

Aliwahi kulalamika kwenye kundi la familia. "Jamani, wekeni moja tu, tena mwishoni. Simu inanisomea zote!" Shemeji yake akamjibu kwa nyuso zinazotoa machozi ya kicheko, safu nzima, na zote zikasomwa. Dada yake peke yake ndiye aliyeomba radhi. Alijizuia kwa muda, kisha mazoea yakamshinda. Aliacha shule mapema ili mdogo wake apate wa kumshika mkono kwenda shuleni kwake, na kuandika kulimpa tabu. Mapenzi yake aliyasema kwa maua na mioyo. Halo alilijua hilo, na lilimuuma, kwa hiyo hakumkumbusha tena. Jumbe zake aliziruka tu.

Asubuhi moja kulikuwa na rangi nyeupe iliyotoka kiwandani ikiwa imeganda, na wateja wote waliamua kupiga kwa wakati mmoja. Katikati ya patashika hiyo ujumbe wa dada ukaingia sikio la kushoto. Waridi, waridi, waridi, jua lenye uso, waridi, mikono iliyokutanishwa.

"Haya, baraka za asubuhi hizo," Halo alijisemea, akasogeza kidole.

Mchana kundi likafurika. Uso unaolia kwa sauti, uso unaolia kwa sauti, uso unaolia kwa sauti. Njiwa. Moyo uliovunjika. Alisogeza, akasogeza, akitafuta neno, lolote lile, na kila ujumbe ukaanza kwa vilio vile vile vilivyosomwa kwa sauti kavu isiyojua inachosema. Mwishowe aliuacha ujumbe wa binamu yake usomwe wote. Baada ya vilio na mishumaa, sauti ikasema: "Poleni sana kwa kumpoteza Mama."

Mteja aliendelea kuuliza habari za ndoo zake. Halo akamkatia simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akarudi kwenye ujumbe wa dada. Aliyasikiliza maua yote mpaka la mwisho. "Mama kaamka anaongea vizuri anakuulizia wewe mpigie sasa hivi hiyo namba ya kazini kila nikipiga inatumika." Kisha moyo mwekundu, moyo mwekundu, moyo mwekundu.

Baada ya mazishi dada yake alimshika mkono, akamvuta pembeni ya chumba kilichojaa viti.

"Mdogo wangu, ujumbe wangu ulikufikia? Mama alitaka akusikie tu. Niliishika simu karibu na sikio lake mpaka mkono ukafa ganzi."

Ukweli ulikuwa mdomoni. Lakini kuusema ni kumwambia kwamba maua yake ndiyo yaliyoziba njia, na dada huyu angeubeba mzigo huo maisha yake yote.

"Ulinifikia, Dada. Niliusoma. Kazi zilikuwa nyingi."

Dada yake aliuachia mkono wake, akaondoka, na Halo akabaki amesimama katikati ya viti, hajui mlango uko upande gani.