Kitasa cha Mlango wa Mama

Seremala wa mtaani kwetu Mudzipela aliniuliza: kitasa cha ufunguo, kinachochimbiwa ndani ya unene wa mlango, ama kile cha mviringo chenye kibonyezo cha kujifungia kwa ndani? Mama, aliyekimbia vita kule Djugu, alitaka cha ufunguo. Mimi, mjuaji, nikachagua cha mviringo, ili akianguka chumbani tumfikie. Nikamuonyesha: nikabonyeza, nikavuta mlango kutoka nje, nikaingiza msumari katika kitundu cha kitasa upande wa nje, mlango ukafunguka.

“Kama weye unafungua na musumari,” akasema, “wale walitukimbiza pia watafungua.”

Tangu siku ile kila usiku alisukuma kitanda chake mpaka mlangoni. Asubuhi aliyoanguka, msumari ulifungua kitasa mara moja. Mlango haukusogea.