Kutoa na Kutoka

Nilikuwa nikifundisha Kifaransa katika shule ya wasichana karibu na Nyeri nilipopewa dodoso la afya ya akina mama. Mtu mwingine alikuwa ameshalitafsiri kutoka Kifaransa hadi Kiswahili. Kazi yangu ilikuwa kulirudisha katika Kifaransa bila kuona asili, ili matini mbili za Kifaransa zilinganishwe na makosa yajitokeze.

Swali moja liliuliza: “Je, umewahi kutoa mimba ghafla?” Nililishangaa, lakini sikulipamba. Nikaandika kwa Kifaransa kwamba mwanamke anaulizwa kama aliwahi kuavya mimba kwa ghafla.

Mratibu wa utafiti aliniita ofisini kwake mjini, akanifungulia asili. Iliuliza kuhusu “avortement spontané”, jina la kitabibu la mimba kuharibika yenyewe. Mtafsiri alikuwa amefuata neno kwa neno.

“Basi andikeni ‘mimba kutoka yenyewe,’” nikasema.

“Mwalimu, Kiswahili kimeshapitishwa na kamati ya maadili, kiko kwenye tableti. Kukibadilisha ni kuanza upya. Wewe rekebisha Kifaransa chako, matini zifanane.”

Nilijua kwamba tafsiri ya kurudisha ikirekebishwa na aliyeona asili haipimi tena kitu chochote. Nikabisha kidogo, si sana. Kisha nikarekebisha, na katika jedwali la ulinganisho pakaandikwa “hakuna tofauti”.

Utafiti ulipoanza niliomba kufuatana na mhojaji mmoja hadi Wamagana. Mama tuliyemkuta alikuwa wa miaka thelathini hivi. Mavyaa wake alikuwa hatua chache tu, akichambua maharagwe. Mhojaji alimwomba faragha. Mama akasema haina shida, ulizeni tu. Swali lile lilipofika, mikono ya mavyaa ilitulia.

“Ati kutoa?” mama akauliza. “Mimi ni mtu wa kanisa. Andika hapana.”

Nilimnong'oneza mhojaji alifafanue swali.

“Siwezi, Mwalimu. Tuliambiwa tusome vile imeandikwa.” Alikuwa sahihi: kila mhojaji akiuliza lake, majibu hayalinganishiki. Akagusa “hapana”.

Mama alitusindikiza hadi langoni, mbali na masikio ya mavyaa. Akanitazama mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa mkubwa.

“Zangu zilitoka zenyewe,” akasema. “Tatu. Hiyo hamkuuliza.”

Nikamwambia pole. Sikumwambia kwamba nilijua.

Jioni nilimpigia mratibu simu. Alinisikiliza kwa upole, akasema kaunti nyingine zilikuwa zinakaribia kumaliza. Labda wangelitaja swali hilo miongoni mwa mapungufu ya utafiti.

Ripoti ilipotoka niliisoma yote. Katika mapungufu, swali halikutajwa. Mimba zilizoharibika zilionekana chache, na waandishi wakaliita hilo jambo la kutia moyo. Tafsiri yangu ilikuwa kwenye viambatisho, kama uthibitisho kwamba dodoso lilikaguliwa ipasavyo, jina langu likiwa juu yake.