Mizani Chini ya Jiwe

Biasha wa Rumonge alikuwa na ulimi mkali kuliko gurudumu lake la kukatia mawe, na gurudumu lile lilipakwa unga wa almasi. Wachuuzi waliovuka ziwa kutoka Kongo walimletea mawe ghafi, na kila mmoja aliaga kwa neno lile lile: "Mama, usipunguze." Vito huuzwa kwa uzito, ati. Basi aliwakatia mabapa, mapana ya kufurahisha macho ya mjinga, huku akiapa kwamba jiwe litakalokaa kwenye kidole chake mwenyewe litawaka.

Siku yake ikafika. Ujane ulikuwa umemchosha, na Jamali, muuza mawese aliyefiwa na mke, alikuwa amemposa. Mtu mwema, Jamali, ila mizani ilikuwa imemwingia kwenye damu. Watu walimsingizia kwamba hata samaki wa mukeke wa mboga haingii chunguni kwake kabla ya kupimwa. Alimletea jiwe la turmalini, la kijani kibichi, pana na nyembamba, kama kipande cha sabuni inayokaribia kwisha.

"Pete yako iko hapa," alisema. "Lakini usinitupie kitu. Yote nimeinunua."

Biasha alilishika juani. Rangi gani hiyo! Akamweleza pole pole, kama anayemlisha mtoto uji: tumbo la jiwe likiteremka vya kutosha, mwanga unaoingia kwa juu unagonga ubavu huu, unarukia ule, unarudi machoni mwa mtazamaji. Hapo ndipo jiwe linawaka. Lakini jiwe hili jembamba, kulipatia tumbo la namna hiyo lazima upana upungue.

"Upungue namna gani?"

"Kama theluthi hivi."

"Theluthi! Astaghafiru! Acha lilale bapa."

Biasha akalikata bapa. Lilipong'aa akaliweka juu ya kipande cha gazeti, akamwita. "Soma." Alidhani ataona haya, maana herufi zilionekana wazi katikati ya jiwe: mwanga ulikuwa unapita tu chini, hakuna unaorudi. Masikini Biasha, alisahau anaongea na muuza mawese.

"Safi kabisa!" Jamali alishangilia. "Hata mawese mazuri, ukiyapasha moto unaona mpaka chini ya chungu!"

Biasha alitamani kulia. Nusu ya umri wake alikuwa amewakatia wengine vioo vya dirisha, na sasa cha kwake kilikuwa kinakuja na ndoa. Lakini machozi hayakumkaa sana yule mama. Kaka yake Kassimu, fundi wa dhahabu, akalitia jiwe kwenye pete iliyo wazi kwa chini. Ijumaa, siku ya hina, Biasha akamnong'oneza jambo mwanamke aliyempaka hina, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Wanawake wa upande wa bwana walipokuja kukagua mikono, Nadia, dada yake Jamali, alivuta kidole chenye pete. Akainama. Akainama tena.

"Wifi! Humu ndani mbona iko mizani?"

Kweli, chini ya jiwe, kwenye ngozi, kulichorwa mizani ya hina, ndogo kama sisimizi, na sahani zake mbili. Ilionekana yote, mpaka kamba. Nyumba ililipuka kwa vigelegele na vicheko. Wakapokezana mkono wa bibi harusi kama sinia ya halua, kila mmoja achungulie. "Jamali ameoa na mizani yake!"

Kabla ya magharibi habari zilikuwa zimefika mji wa jirani wa Minago, na Jamali alikuwa amefika mlangoni.

"Umeniaibisha, Biasha."

"Mimi? Jiwe lako ndilo linalosema kila kitu."

Akajaribu kununa, mdomo ukamsaliti, akacheka. "Haya, kata. Kata, mama, nimeshindwa."

Jumamosi alikaa pembeni akitazama turmalini yake ikiliwa na gurudumu, na kila likikwaruza alishika kifua. Kassimu naye alinung'unika, kutengeneza pete upya siku moja kabla ya harusi! Tope la unga wa jiwe lililobaki Jamali alilifunga kwenye karatasi, akaondoka nalo. Msiniulize alikwenda kulifanya nini.

Jumapili jiwe lilikuwa dogo kama punje ya mahindi, na lilikuwa linawaka. Biasha alipogeuza mkono, cheche za kijani zilikimbia usoni kwake mwenyewe, na safari hii machozi aliyaacha yatoke. Nadia alikodoa macho pale katikati, akaona moto mtupu.

"Umeifuta?" Jamali alimnong'oneza.

"Hina haifutiki upesi, bwana wangu. Mizani iko pale pale."

Jamali akaivuta pete karibu, akalitazama jiwe kwa juu, akatazama tena. Hakuona mizani.

"Basi ibaki humo humo," alisema, akambusu kidole.